Vema Mbili za Logi

Swali nililitunga mwenyewe, na nililipenda. Ukipewa log 2 = 0.3010 na log 3 = 0.4771, tafuta bila majedwali: (a) log 4, (b) log 5, (c) log 6. Kila kipengele alama mbili, moja ya njia na moja ya jibu. Ulikuwa mwaka wangu wa pili kufundisha hisabati, Kidato cha Pili, darasa la wanafunzi sitini na tatu katika shule ya kutwa. Nilisahihisha usiku, kwa kasi, macho yakikimbilia mwisho wa kila mstari palipo na jibu. Penye 0.6020 niliweka vema. Penye 0.6990 vema. Penye 0.7781 vema. Kwingine kote mkasi mwekundu.

Siku ya kurudisha karatasi, binti mmoja aliyekuwa akikaa dirishani alinifuata mezani baada ya kipindi. Hakuwa na hasira. Alikunjua karatasi yake akanionyesha kwa kidole.

“Mwalimu, samahani. Hapa, hapa na hapa nimetumia njia moja. Mbona hizi mbili umenipa, na hii ya katikati umenikosesha?”

Nilitazama jibu la katikati. Aliandika 0.7781, na logi ya tano ni 0.6990. “Hilo jibu si sahihi,” nikamwambia. “Rudia kusoma kanuni za logi.” Akasema, “Haya, mwalimu,” akaenda. Karatasi aliiacha mezani, na jioni ndipo nilipoisoma kwa mara ya kwanza, ingawa nilikuwa nimekwisha kuisahihisha.

Alikuwa ameandika hivi:

```
(a) log 4 = log(2 + 2) = log 2 + log 2
          = 0.3010 + 0.3010 = 0.6020

(b) log 5 = log(3 + 2) = log 3 + log 2
          = 0.4771 + 0.3010 = 0.7781

(c) log 6 = log(1 + 2 + 3)
          = log 1 + log 2 + log 3
          = 0 + 0.3010 + 0.4771 = 0.7781
```

Alikuwa amesema kweli tupu. Njia ni moja mara tatu, na mara zote tatu ni njia mbovu: amechukua logi ya jumla akaikata vipande, kila namba ikapewa logi yake. Logi haikatiki hivyo. Kanuni inasema logi ya zao ni jumla ya logi, log(ab) = log a + log b, wala hakuna kanuni yoyote ya namna hiyo kwa log(a + b). Lakini mara mbili kati ya tatu jibu lilitoka sahihi, nami kwa kalamu yangu nyekundu nilimthibitishia mara mbili kwamba logi ya jumla inakatika. Mkasi mmoja dhidi ya vema mbili. Mtoto mwenye akili atasadiki zile mbili, na ule mmoja atauona kama uonevu wa mwalimu.

Tena karatasi ile ilijifichua yenyewe kama ningeisoma. Vipengele (b) na (c) vina jibu moja, 0.7781. Namba mbili tofauti haziwezi kuwa na logi moja, maana logi ni swali: kumi ipandishwe kwa kipeo gani ili tupate namba hii? Ukiipandisha 10 kwa kipeo 0.7781 unapata 6, hupati 5. Ningemwambia afungue jedwali la antilogi atafute 0.7781, angekutana na sita ana kwa ana, na yeye mwenyewe angeuliza sita imeingiaje kwenye swali la tano. Jibu lake ni kwamba aliandika tatu jumlisha mbili, akakokotoa tatu mara mbili.

Usiku ule nilikaa na kalamu kutafuta kwa nini 4 na 6 zilimwokoa. Kujumlisha log a na log b ni kutafuta logi ya ab, mtu apende asipende. Kwa hiyo aliyeikata log(a + b) atapata jibu sahihi pale tu ambapo jumla ya namba hizo ni sawa na zao lake. Mbili na mbili: jumla 4, zao 4. Moja, mbili na tatu: jumla 6, zao 6. Kwa namba nzima mbili kuanzia moja kwenda juu, 2 na 2 ndizo pekee zenye sifa hiyo. Ukiruhusu desimali zinakuja nyingi, kwa mfano 3 na 1.5, ambazo jumla yake ni 4.5 na zao lake ni 4.5. Ndiyo kusema, katika namba zote ambazo ningeweza kuweka kwenye swali la kwanza kabisa, nilichagua ile moja inayoificha njia mbovu. Nilichagua 4 kwa sababu ni rahisi. Walimu wengi huanza na 4 kwa sababu hiyo hiyo.

Kosa hili lina pacha wake upande wa vipeo, na nilipoanza kuyatazama pamoja niliyaelewa yote mawili vizuri zaidi. Wanafunzi wale wale huandika 2³ + 2⁴ = 2⁷. Ukikokotoa, 8 na 16 ni 24, ilhali 2⁷ ni 128. Kanuni ya kweli ni ya kuzidisha: 2³ × 2⁴ = 2⁷, na ni kweli 8 mara 16 ni 128. Hapa napo ipo namba ya kuficha: 2¹ + 2¹ = 2², mbili na mbili ni nne. Ni ile ile! Na lazima iwe ile ile, kwa sababu logi ni kipeo kilichopewa jina jingine. Anayejumlisha vipeo pasipo na alama ya kuzidisha, na anayeikata logi ya jumla, wote wanafanya jambo moja: wanaona alama ya kujumlisha mahali fulani kwenye mstari na kuamini kwamba ndiyo ile ya kwenye kanuni. Kanuni ina kuzidisha upande mmoja na kujumlisha upande wa pili. Wao wameweka kujumlisha pande zote mbili.

Lakini si kila anayeandika log(x + 3) = log x + log 3 ana ugonjwa mmoja, na hili lilinichukua miaka kulijua. Wako waliochanganya kanuni: wanajua kwamba logi ni kipeo, wanajua kwamba kuna kukata, ila wamesahau kinachokatwa. Na wako wanaoiona logi kama kizidishi. Kwa hao, log(x + 3) ni kama 5(x + 3): unafungua mabano, kila kilichomo ndani kinapewa chake. Walifundishwa kufungua mabano tangu Kidato cha Kwanza, wakasifiwa kwa kuyafungua vizuri, na sasa wanafungua kila mabano wanayokutana nayo. Hawa ukiwaandikia kanuni pembeni ya karatasi haiwasaidii, kwa sababu kwao hakuna kilichovunjwa.

Mmoja na mwingine unaweza kuwatofautisha kwa swali dogo la pili. Mpe log 5x. Aliyechanganya kanuni ataandika log 5 + log x, na yuko sahihi. Anayeiona logi kama kizidishi mara nyingi ataandika 5 log x, ameitoa 5 nje kama vile anapanga upya vitu vinavyozidishwa. Dalili nyingine ni pale anapopewa log 8 ÷ log 2: atafuta neno log juu na chini, abaki na 8 ÷ 2, aandike 4. Jibu la kweli ni 3, kwa kuwa 8 ni 2³ na hivyo log 8 ni log 2 mara tatu. Na hapa tena angalia namba unazoweka, mwalimu mwenzangu. Ukitoa log 4 ÷ log 2, anayefuta log atapata 2, na 2 ndilo jibu sahihi.

Kwa kundi hili la pili nilianza kuwataka wasome kwa sauti, na kwa Kiswahili, hata kama somo linafundishwa kwa Kiingereza. Niligundua kwamba wanasoma “logi tano”, kama mtu anavyosema “ndizi tano”. Hakuna “ya”. Nikawa nasimamisha kipindi: sema logi ya tano. Tena sema kwa urefu: kipeo cha kumi kinacholeta tano. Ukishaisema hivyo, log(x + 3) inakuwa kipeo cha kumi kinacholeta x jumlisha tatu, na mtoto mwenyewe anaanza kusita kuikata, kwa sababu kinacholeta x na kinacholeta 3 vikijumlishwa vinaleta x mara tatu. Ile “ya” ndogo ilifanya kazi ambayo kanuni nilizoandika ubaoni kwa chaki ya rangi hazikuifanya.

Miaka michache baadaye niliitwa kwenye jopo la kusahihisha mtihani wa pamoja wa shule kadhaa. Swali langu, ambalo nililisahihisha kwa siku nne mfululizo, lilikuwa la kutafuta x katika log(x + 3) + log x = 1. Alama tano. Mwongozo wa kusahihisha ulizigawa hivi: alama ya kwanza kwa kuunganisha logi kuwa log x(x + 3) = 1, ya pili kwa kuiondoa logi na kupata x(x + 3) = 10, ya tatu kwa kuupanga mlinganyo x² + 3x − 10 = 0, ya nne kwa kupata 2 na −5, ya tano kwa kuikataa −5 kwa kuwa namba hasi haina logi. Kwa mtoto aliyefuata njia hiyo kazi ni nyepesi. Tabu inakuja kwa hawa wawili, ambao nilikutana nao mara nyingi kuliko nilivyotarajia:

```
Wa kwanza                      Wa pili
log x + log 3 + log x = 1      log(x + 3 + x) = 1
log 3x² = 1                    2x + 3 = 10
3x² = 10                       x = 3.5
x = 1.826
```

Chumbani tuligawanyika. Wenzangu kadhaa walisema wote wawili wapate sifuri, kwa sababu wamevunja kanuni kwenye mstari wa kwanza na kilichofuata kimejengwa juu ya uongo. Wengine walisema tuwafuate: tukubali kosa moja, tukate alama moja, na yaliyobaki yasahihishwe kana kwamba mstari wa kwanza ulikuwa sahihi. Hoja hiyo ya pili ni ya haki kwa makosa ya kuteleza. Mtoto akiandika kwa bahati mbaya x + 2 badala ya x + 3, anabaki na swali lenye uzito ule ule. Mkate alama moja, mfuate hadi mwisho.

Kukata logi ya jumla, au kuziunganisha logi kuwa logi ya jumla, si kuteleza. Kunabadilisha swali. Mtazame wa pili: alitakiwa kupambana na mlinganyo wa kipeo cha pili na kulikataa jibu moja, akajipatia 2x + 3 = 10, hesabu ya shule ya msingi. Ukimfuata na kumpa alama nne, umempa alama za kutafuta majibu mawili na kukataa moja, kazi ambayo hakuifanya. Mimi nilitetea tupime kila alama peke yake: je, ujuzi unaolipwa na alama hii umeonekana mahali popote kwenye karatasi? Wa pili anajua kwamba logi ikiwa 1 kilicho ndani ni 10. Apewe alama ya kuondoa logi, ikome hapo: moja kwa tano. Wa kwanza anayo hiyo, na zaidi ya hiyo, mstari wake wa pili umeunganisha logi tatu kuwa log 3x² bila kosa lolote. Kanuni ya zao anaijua vizuri. Aliiharibu tu kabla ya kuitumia. Nilimpa mbili kwa tano. Mkuu wa jopo alisikiliza, akaandika uamuzi huo kwenye mwongozo, tukarudi kuzipitia upya karatasi tulizokwisha kuzifunga. Kulikuwa na manung'uniko, na ilikuwa haki kurudi.

Jibu la wa kwanza, 1.826, lina hatari nyingine inayostahili kuonywa. Ukilirudisha kwenye swali na kutumia majedwali, log 4.826 ni 0.6836 na log 1.826 ni 0.2615, jumla 0.9451. Ilitakiwa 1. Mwanafunzi anayehakiki kwa haraka ataona 0.95, atasema imekaribia, tofauti ni ya majedwali. Sivyo. Majedwali ya tarakimu nne hukosea kwenye tarakimu ya nne baada ya nukta, pengine moja au mbili juu au chini. Kosa likionekana tayari kwenye tarakimu ya kwanza au ya pili, jedwali halina hatia, tafuta kwenye mistari yako. Wa pili angejikamata haraka zaidi: log 6.5 na log 3.5 ni logi ya 22.75, yaani 1.357.

Kuna jambo moja la historia ambalo huwa nawasimulia wanafunzi wakubwa, kwa sababu linafunga mjadala kuliko mifano yangu yote. John Napier wa Scotland alichapisha majedwali yake ya logi mwaka 1614, na Henry Briggs akayapeleka kwenye besi ya 10. Yalitengenezwa ili wanajimu na mabaharia waache kuzidisha namba ndefu na badala yake wajumlishe. Kwa kuzidisha yalikuwa msaada mkubwa. Lakini mtu aliyekuwa na log a na log b mkononi, akataka logi ya a + b, hakuwa na njia ya mkato: ilimbidi atafute antilogi zote mbili, ajumlishe, halafu arudi kutafuta logi ya jumla. Kero hiyo ilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 1812 Gauss, Mjerumani, akiendeleza wazo la Mwitaliano Leonelli, alichapisha jedwali maalumu kwa ajili ya logi za jumla na za tofauti. Msingi wake ni kweli hii: log(a + b) = log a + log(1 + b/a). Unaichukua logi ya mojawapo ya namba hizo, kisha unaongeza kiasi ambacho jedwali linakupa.

Ijaribu kwa swali la yule binti. Tano ni 2 + 3, na 3 ukigawa kwa 2 ni 1.5, kwa hiyo tunahitaji log 2 + log 2.5, yaani 0.3010 + 0.3979, jumla 0.6989. Pungufu ya moja kwenye tarakimu ya mwisho ni ya kukadiria, hiyo ndiyo halali ya majedwali. Kama log(a + b) ingekuwa log a + log b, Gauss asingekuwa na sababu ya kukokotoa jedwali hata la ukurasa mmoja.

Yule binti nilimwita kesho yake asubuhi kabla ya gwaride. Nilimwomba radhi, nikamwambia kwamba njia yake ni mbovu mara tatu na kwamba mimi nilimdanganya mara mbili. Nikampa jedwali la antilogi, atafute 0.7781. Aliposoma sita alinyamaza kidogo, akarudi kwenye (c), akaandika chini yake log 6 = log(2 × 3), kisha kwenye (a) log 4 = log(2 × 2). Ya (b) ilimchukua muda. Hakuna namna ya kuipata tano kwa kuzidisha mbili na tatu, na hilo ndilo alilolisema kwa sauti. Nikamwambia ana namba nyingine anayoijua logi yake bila jedwali, ambayo kila mtu anayo. Akafikiri, akasema kumi. Akaandika log 5 = log(10 ÷ 2) = 1 − 0.3010 = 0.6990.

Alama nilizibadilisha kwenye daftari langu mbele yake. Kutoka nne kwa sita zikawa sifuri kwa sita, kwa sababu jibu linalotokana na njia ya uongo halina alama, hata likiwa sahihi. Hakulalamika. Ila nilijifunza pia kutoizidisha sheria hiyo: yuko mtoto anayeandika tu log 4 = log 2 + log 2, bila mabano wala maelezo. Huyo huwezi kumhukumu kwa kipengele hicho. Nenda kipengele cha log 5, uone alichokifanya, halafu urudi.

Mwalimu mwenzangu, kabla hujapeleka swali la logi au la vipeo kwa mpiga chapa, lifanye kwanza wewe mwenyewe kwa njia mbovu. Ikate logi ya jumla, jumlisha vipeo pasipostahili, futa neno log juu na chini. Ukipata jibu sahihi, badilisha namba.